Kila Nomino na Udogo Wake

Mkazi yeyote wa Donholm, au wa mitaa mingine ya mashariki mwa Nairobi, hatashangaa akikuta tangazo kama hili limebandikwa langoni mwa ghorofa anamoishi: “Wapangaji mnaarifiwa kuwa wiki hii maji yatakuwa madogo. Idadi chache ya nyumba ndizo zitakazopata, na watu kidogo wa ghorofa ya juu watasubiri.” Ujumbe unaeleweka. Kila mtu atachukua mtungi wake na kushuka ngazi. Hata hivyo, masikio ya mzawa wa lugha yatakuwa yamekwaruzwa mara tatu kabla hajafika mwisho wa tangazo. La ajabu ni kwamba, ukilipima tangazo hilo kwa kanuni za ngeli tulizofunzwa tangu shule ya msingi, hutapata kosa la upatanisho hata moja katika sehemu mbili za kwanza. Maji ni ya ngeli ya YA-YA, na “madogo” yamevaa kiambishi kinachostahili. Idadi ni ya ngeli ya I-ZI, na “chache” imekaa palepale panapoitakiwa. Upatanisho umesalimika, ila Kiswahili kimetoroka.

Makala haya yanadai kwamba walimu wetu, na sisi tunaofuata nyayo zao, tumewekeza nguvu zote katika swali la “kivumishi hiki kitachukua kiambishi gani?” na kulisahau swali linalotangulia, nalo ni “je, nomino hii inakikubali kivumishi hiki?” Hakuna mahali udhaifu huo unapojianika kama katika dhana ya udogo. Mwanafunzi huwa na neno moja tu akilini, -dogo, na hulibandika kila mahali kama mtu aliye na kofia moja anayeivaa arusini na matangani. Akitaka kupamba insha, hukumbuka kwamba kuna finyu, haba, duni na hafifu, akazinyunyiza bila kubagua kana kwamba ni viungo vya pilau.

Kuna kipimo chepesi ambacho naona kinastahili kuingia darasani, nacho ni kutafuta kinyume. Kabla ya kuchagua neno la udogo, iulize nomino: ukiwa na kinyume cha hali hii, ungeitwaje? Mtoto mdogo kinyume chake ni mtoto mkubwa. Watu wachache kinyume chake ni watu wengi. Njia finyu kinyume chake ni njia pana. Bidhaa duni kinyume chake ni bidhaa bora. Mvua haba kinyume chake ni mvua tele, ilhali mwanga hafifu kinyume chake ni mwanga mkali. Ni bayana basi kwamba kile ambacho tumekuwa tukikiita udogo si kitu kimoja. Ni upungufu wa mambo tofauti: wa umbo, wa idadi, wa nafasi, wa hadhi, wa akiba, wa nguvu. Nomino yenyewe ndiyo inayojua imepungukiwa na nini.

Turejee kwenye maji, maana hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Kwa nini hatusemi “maji madogo” tunapomaanisha kiasi? Kinyume chake kinatuumbua mara moja, kwa sababu tangazo la siku ya neema halingesema “maji makubwa” bali “maji mengi”. Maji, sukari, unga, chumvi na mafuta ni vitu visivyo na umbo lake binafsi. Sukari haina mwisho wala mwanzo; huchukua umbo la kopo inamotiwa. Kivumishi -dogo, ambacho kazi yake ya asili ni kupima mwili wa kitu kimoja kinachoonekana mipaka yake, hakina pa kushika. Ndiposa lugha ikazua njia nyingine: hutumia neno lisilobadilika, kidogo, na kusema maji kidogo, sukari kidogo, chumvi kidogo, pesa kidogo. Ukilichunguza utaliona kama kwamba limekubaliana na nomino ambayo haikutamkwa, yaani kiasi au kitu. Sukari kidogo ni sukari kiasi kidogo. Kwa hivyo mwanafunzi anayeisahihisha “sukari kidogo” iwe “sukari ndogo” kwa kisingizio cha ngeli anaharibu palipokuwa pamenyooka, na nimewahi kuona kalamu nyekundu ikifanya hivyo.

Hili kidogo ndilo linalosikika siku nzima katika matatu za barabara ya Jogoo, ile ambayo zamani iliitwa barabara ya Doonholm. Utingo husema “songeni kidogo”, abiria hujibu “ngoja kidogo”, na nauli ikipanda watu hulalama kwamba imekuwa “ghali kidogo”. Kote huko kidogo ni kiasi cha tendo au cha sifa, na halina haja ya ngeli. Tatizo huzuka linapoletwa mbele ya vitu vinavyohesabika. “Watu kidogo” ni maneno ya kawaida Nairobi, nami simlaumu anayeyasema akikimbilia gari. Katika maandishi rasmi, hata hivyo, watu huhesabika, na kinachohesabika hupewa -chache: watu wachache, viti vichache, nyumba chache, shilingi chache. Tazama jinsi pesa na shilingi zinavyoachana hapa ingawa zimo mfukoni mmoja. Pesa ni kiasi, hivyo ni pesa kidogo. Shilingi ni idadi, hivyo ni shilingi chache.

Sasa msomaji makini atauliza: ikiwa pesa haziwi ndogo, mbona mshahara huwa mdogo? Swali hili ni zuri, na jawabu lake ndilo linalofichua kosa la “idadi chache”. Kuna kundi la nomino ambazo si kitu chenyewe bali ni kipimo cha kitu. Mshahara ni jumla moja. Si rundo la noti. Vivyo hivyo bei, umri, kasi, kiwango, asilimia, kiasi na idadi. Kila mojawapo ni namba moja, na namba moja haiwezi kuwa chache. Inaweza tu kuwa ndogo au kubwa. Hivyo tunasema idadi ndogo ya nyumba, kwa kuwa idadi ni moja, lakini tunasema nyumba chache, kwa kuwa nyumba ni nyingi au si nyingi. Anayeandika “idadi chache” amekihesabu kipimo mara mbili. Tangazo letu la langoni lingesomeka vyema zaidi hivi: wiki hii maji yatakuwa kidogo, ni nyumba chache zitakazopata, na wapangaji wachache wa ghorofa ya juu watasubiri. Muda nao ni ndugu wa kundi hili, ila wenyewe hupimwa kwa urefu, kwa hiyo muda huwa mfupi huku dakika zikiwa chache. Najua “muda mchache” umeenea mno hata redioni. Mimi ningali nauona kuwa ni mchanganyiko wa hayo mawili.

Kuhusu haba, finyu, duni na hafifu, tumezoea kuyaita visawe. Huo ni uvivu wa kamusi za mfukoni. Kila moja limekuja na mzigo wake wa asili, na mzigo huo bado unaongoza linaoana na nani. Haba linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya punje. Ndiyo maana methali inayotaja haba na haba kukijaza kibaba ina mantiki iliyo timamu, kwani kibaba ni kipimo cha nafaka na haba ni punje zinazokijaza. Kutokana na asili hiyo, haba huambatana na vitu ambavyo tunavihitaji kwa akiba na ambavyo huweza kuisha: mvua, chakula, rasilimali, fedha. Haba haielezi umbo, wala haihusiki na hadhi. Mtu hawezi kuwa haba kwa kimo. Hafifu nalo limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya wepesi wa uzito, na hadi leo huchagua vitu vyenye nguvu ya kupungua: sauti, mwanga, upepo, mapigo ya moyo, ushahidi. Duni asili yake ni chini, na huandamana na vitu vilivyo juu ya ngazi ya thamani: maisha, makazi, bidhaa, huduma. Finyu, kwa upande wake, ni la ukoo mmoja na kitenzi finya. Linahitaji kitu chenye upana kinachoweza kubanwa, kiwe cha kuonekana kama ujia, au cha kufikirika kama nafasi, fursa na mtazamo.

Manne hayo yana jambo jingine la pamoja: hayachukui viambishi vya ngeli. Hapo ndipo ninapohisi mwanafunzi huponea chupuchupu bila kujua. Kwa kuwa halazimiki kufikiria kiambishi, hafikirii chochote, na maneno manne yenye tabia nne huwa kwake neno moja.

Mfano wa mshahara waweza kutukatia kiu. Mfanyakazi akisema mshahara wake ni mdogo, ametaja ukubwa wa namba tu. Pengine hata hanung’uniki. Akisema ni duni, amehukumu kwamba namba hiyo iko chini ya hadhi ya kazi anayoifanya. Akisema mapato yake ni haba, lalamiko limehamia jikoni, kwamba hayamfikishi mwisho wa mwezi. Anayeandika barua ya kuomba msaada wa karo angefaa kujua ni lipi kati ya hayo analotaka kamati ilisikie, kwani “mapato duni” huilaumu kazi ya mzazi, ilhali “mapato haba” huieleza haja ya mtoto.

Kuna pia mahali ambapo -dogo limeganda kabisa pamoja na nomino yake hata haliwezi tena kutenganishwa nayo. Mama mdogo si mama mwenye kimo kifupi. Ni dada mdogo wa mama, au mke wa pili wa baba, kutegemea unazungumza na nani. Mdogo wangu huenda akawa amenipita kimo kwa kichwa kizima, na bado ni mdogo wangu kwa kuwa alizaliwa nyuma. Haja ndogo haina uhusiano wowote na ombi jepesi. Barabara ndogo kinyume chake si barabara kubwa tu bali ni barabara kuu, na kamati ndogo pia hukabiliana na kamati kuu; hapo udogo ni wa daraja. Kisha ipo nyumba ndogo. Mwenye ghorofa wa Donholm anayetaka kupangisha chumba chake, naye akabandika “Nyumba ndogo inapatikana hapa, piga simu”, ajiandae kupigiwa na watu wa aina mbili, kwa maana Afrika Mashariki nzima inajua kwamba nyumba ndogo ni mwanamke wa pembeni. Kipimo cha kuutambua mgando huu ni kuongeza neno “sana”. Kitabu kidogo sana ni sawa. Mama mdogo sana, kwa maana ya ukoo, hakuna.

Je, tukitaka udogo uliokithiri, ule wa kitu kisichoonekana vyema kwa macho? Wengi hudhani kuradidi kutawaokoa na huandika “mdudu mdogomdogo”. Kuradidi kwa kivumishi hiki hakuzidishi udogo, hutawanya. Makosa madogomadogo ni makosa mengi ya hapa na pale, na biashara ndogondogo ni shughuli za kila namna, ya maandazi, ya soksi, ya kadi za simu, zilizotapakaa kando ya barabara ya Manyanja. Kwa sababu hiyo huhitaji wingi, na mdudu mmoja hawezi kuwa mdogomdogo. Kwa mdudu huyo tunasema mdogo mno. Kwa vile vitu visivyo na umbo, lugha huacha vivumishi na kuita nomino nyingine kusaidia: tone la maji, punje ya mchele, chembe ya chumvi.

Njia nyingine ni kuidunisha nomino yenyewe kwa ki-, na hapa shule zetu zimefanya kazi nzuri upande wa maumbo: nyumba huwa kijumba, mtu huwa kijitu, mbwa huwa kijibwa. Lisilosemwa darasani ni kwamba ki- mara nyingi huja na dharau. Duka dogo ni maelezo. Kiduka ni kauli ya mtu anayekunja uso. Nairobi imelikwepa tatizo hilo kwa kutumia ka-, ambayo imo katika lugha nyingi za majirani zetu, Kikuyu na Kikamba zikiwemo, na ambayo mara nyingi hubeba upendo badala ya dharau. Kiswahili sanifu hakina ngeli hiyo, na mtihani utaikata. Lakini tazama lilivyofanya kazi ya ziada neno kadogo. Katika maduka ya mitaa yetu, kadogo ni nomino kamili: ni kile kipimo cha mafuta, cha sukari au cha sabuni kinachomwezesha mtu mwenye sarafu chache kupika leo, na wachumi wenyewe wameshazoea kutaja uchumi wa kadogo. Mashariki mwa Kongo, ambako ka- ingali hai katika Kiswahili cha wenyeji, kadogo lilikuwa jina la watoto walioshikishwa bunduki katika vita vya 1996 na 1997 vilivyomng’oa Mobutu. Neno ni lilelile. Huko ni umri, huku ni kipimo. Sioni sababu ya kulifukuza kadogo la dukani, maadam hakuna neno sanifu linalotaja kitu hicho kwa ufupi huo.

Kuhusu kitu kilicho kidogo kwa sababu kimekazwa, sehemu zake zikiwa zimeingiana, Kiswahili hakina kivumishi cha moja kwa moja, na wafasiri huhangaika bure kukitafuta. Kazi hiyo imeachiwa vitenzi: udongo ulioshikamana, nguo zilizoshindiliwa sandukuni, nyumba zilizobanana. Kubanana huhitaji zaidi ya kimoja. Chumba kimoja cha Donholm kimebana. Vyumba ishirini vya ghorofa moja vimebanana.

Nimalizie na nomino moja iliyopitishwa katika vivumishi vyote, ili ionekane kwamba mambo haya si ya kubembeleza masikio tu. Kenya ilitunga sheria ya mwaka 2016 iliyounda Mahakama ya Madai Madogo, na mahakama hiyo ilianza kazi Milimani mwaka 2021. Huamua kesi za madai ya fedha yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mdai huweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Tumchukue mpangaji aliyehama Donholm, akamwacha mwenye nyumba na amana yake ya shilingi 18,000, naye mwenye nyumba akakataa kuirudisha. Mpangaji anaketi kuandika maelezo yake kwa Kiswahili.

Akiandika “madai yangu ni madogo”, amesema kiasi chake kiko chini ya kikomo cha sheria. Ni sahihi, na ndilo jina la mahakama, kwani hapa madai yanahesabiwa kama kipimo, sawa na mshahara. Akiandika “madai yangu ni machache”, hakimu atatarajia aorodheshe la kwanza, la pili na la tatu, ilhali analo moja tu. Akiandika “ni finyu”, amesema hadai gharama za rangi wala za bomba lililopasuka, bali amana peke yake. Hiyo yaweza kumfaa ikiwa mwenye nyumba anajaribu kuyapanua mabishano. Akiandika “madai duni”, amejitukana. Akiandika “madogomadogo”, amekiri kwamba anamsumbua hakimu kwa upuuzi. Na akiandika “madai yangu ni hafifu”, akidhani amechagua neno la adabu na unyenyekevu, basi amemweleza hakimu kwa hati yake mwenyewe kwamba hana ushahidi wa kutosha, na wakili wa mwenye nyumba hatahitaji kusema mengi.

Risiti ya amana anayo. Aandike “madogo”, aiambatishe risiti, na kwenye mstari unaofuata ataje shilingi 18,000 kwa tarakimu na kwa maneno.